Nina kazi zaidi ya 60, wateja wananijibu "nzuri sana" halafu kimya

*Shikamoo dada. Nina miaka 23, naishi Tanga, nimemaliza stashahada ya ubunifu wa grafiki. Tangu chuoni nimetengeneza kadi za harusi na za michango, vipeperushi vya kwaya, fulana za mahafali na matangazo ya saluni. Nilikaa pia miezi kadhaa kwenye steshenari moja, hapo nikapanga menyu ya mgahawa. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni lebo za kikundi cha akina mama wa Muheza wanaouza viungo. Nina boksi la sabuni nililofanya darasani, na nembo za benki kubwa nilizozichora upya kwa kujifunza. Zote nimeziweka Google Drive, zinapita 60. Nikiwatumia linki wajasiriamali wa asali, unga na sabuni, wananijibu "nzuri sana" halafu kimya. Mimi nataka wateja wa vifungashio. Wenzangu wengine wanasema weka zote waone uwezo wako, wengine wanasema anza na za zamani waone ulivyokua. Nichague zipi, na nizipange vipi?*

*Kijana wa Tanga*

Marahaba mdogo wangu.

Tumtazame kwanza huyo mama wa sabuni uliyemtumia linki. Ameipokea kwenye simu, pengine kati ya mteja na mteja, na bando lake si la kuchezea. Amebonyeza, Drive ikampangia picha ndogondogo: kipeperushi cha kwaya, kadi ya harusi, nembo ya benki, fulana. Swali alilokuwa nalo kichwani ni moja tu: huyu kijana ameshatengeneza kitu kinachofanana na changu, kikafika dukani? Jibu lipo, lile la Muheza, ila limezikwa kwenye picha ya arobaini na kitu. Hakufika huko. Akaona ni ungwana kukujibu, akaandika "nzuri sana". Hakukudharau. Hakujiona humo.

Kwa hiyo usianze kuchagua kwa kuuliza ipi imependeza zaidi. Anza kwa kuuliza ipi inamjibu yule mama. Kadi zako za harusi zinaweza kuwa nzuri kuliko lebo zako, na bado zitoke, kwa sababu unachokionyesha ndicho utakachoagizwa. Ukituma kadi nane na lebo moja, umejitangaza kuwa mtu wa kadi. Sisemi uache kadi, maana najua ndizo zinazolipa kodi ya chumba. Zitengenezee faili lake na uwatumie wenye harusi. Zisikae jirani na viungo.

Vipeperushi vya kwaya, fulana na matangazo ya saluni navyo vitoke. Nembo za benki zitoke leo. Mtu akiona nembo ya benki kubwa kwenye kazi zako atadhani benki ile iliwahi kukulipa, na akigundua siyo, ataanza kutilia shaka hata zile za kweli. Hata ukiandika kwamba ulikuwa unajifunza, bado haimsaidii muuza sabuni. Benki ina majengo na mabango ya kujaza. Yeye ana kipande cha karatasi cha sentimita nane.

Menyu ningeibakiza, na sababu yake uielewe ili ujue kuitetea. Menyu yenye vyakula thelathini na bei zake ni zoezi la kupanga maneno mengi mahali padogo bila kumchosha msomaji, na huo ndio ufundi wa mgongo wa pakiti. Ila uliifanya ukiwa steshenari, kwa hiyo muulize mwenye ofisi kama anaridhia uionyeshe, na uandike wazi kwamba uliifanya ukiwa pale. Akikataa, iache. Boksi la sabuni la darasani linabaki pia, kwa kuwa ni kifungashio, na chini yake utaandika "kazi ya chuo" bila aibu yoyote.

Tumebaki na tatu: viungo, sabuni, menyu. Unahitaji ya nne, na hiyo utajipa mwenyewe. Nakushauri asali, kwa sababu chupa ya duara itaonyesha jambo ambalo pakiti na boksi haviwezi kuonyesha. Kazi nne zilizokamilika zinamtosha mteja wa kwanza kabisa. Anayekwambia weka zote anasahau kwamba mtazamaji hakumbuki wastani wa kazi zako, anakumbuka ile dhaifu. Kila ukisita juu ya kazi fulani, itoe, upitie zilizobaki, ujiulize kama kuna kitu kimepungua. Kama hakuna, isirudi.

Hiyo ya asali usiifanyie kwenye kompyuta tu. Nenda dukani ununue chupa halisi ya gramu 500, tupu au yenye asali, upime mzunguko wake kwa uzi. Tuseme kipenyo ni sentimita 7.5, mzunguko utakuwa kama sentimita 23 na nusu. Sasa isimamishe mezani uitazame usawa wa macho. Utaona kwamba sehemu inayosomeka vizuri bila kuizungusha ni kama theluthi moja ya mzunguko, yaani sentimita nane hivi. Ukiipanga lebo ikiwa bapa kwenye kioo cha kompyuta, utashawishika kulitandaza jina la bidhaa sentimita 14, na likifika rafuni herufi za mwanzo na za mwisho zitapotelea pembeni. Jina, aina ya asali na uzito vyote vikae ndani ya zile nane. Maelezo mengine yazunguke nyuma.

Buni jina ambalo si la mtu. Chapa kwenye karatasi ya stika, acha ukingo wa kukatia wa milimita 3 kila upande, bandika kwa mkono wako. Hapo utajifunza mambo ambayo mteja atakuuliza. Wino wa maji wa printa za kawaida unachuruzika kidole chenye unyevu kikigusa. Tona ya printa ya leza inavumilia zaidi, na ikilaminetiwa ni salama zaidi, maana asali haikosi kuchuruzika shingoni mwa chupa. Ukiweza kumweleza mwenye asali jambo hilo moja kwa maneno mepesi, ataona umeshashika chupa, siyo kipanya tu.

Mgongo wa lebo nao uufanye kikamilifu, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapokimbilia kuandika maneno ya kujaza nafasi. Weka jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, nafasi ya tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi, jina na anwani ya mzalishaji. Tenga nafasi ya barkodi. Ile ya kawaida yenye tarakimu 13 ina upana wa karibu milimita 37 na urefu wa karibu 26, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 ya hapo. Zilizotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Mistari iwe ya rangi nzito juu ya rangi nyepesi, na usiichape kwa rangi nyekundu hata kama lebo nzima ni nyekundu: skana nyingi humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwake inakuwa kama nyeupe na haisomeki. Alama ya TBS usiiweke kwenye kazi ya mazoezi. Alama ile hutumiwa na mwenye leseni yake, na mjasiriamali anayehangaikia leseni hiyo ataikodolea macho kabla ya kitu kingine chochote. Acha nafasi iliyotengwa, uandike kwamba ni ya alama ya ubora pindi mteja atakapoipata.

Sasa mpangilio. Ushauri wa kuanza na za zamani unafaa kwa mwalimu anayekupima maendeleo. Mteja hakukujua jana. Ukianza na ya zamani, unamfungulia mlango kwa kazi yako dhaifu na kumwomba avumilie. Tarehe zisiongoze kitu.

Ukurasa wa kwanza uwe viungo vya Muheza. Usiweke jalada lenye jina lako kubwa na mapambo, maana hilo linakula nafasi ya kwanza kwenye jicho lake. Weka picha moja ya pakiti zikiwa zimepangwa pamoja, na juu yake mstari mmoja: jina lako, "vifungashio na lebo", Tanga. Hapo kabla hajasogeza kidole ameshajua unafanya nini.

Viungo vipewe kurasa tano, na hii ndiyo sehemu ya kutulia. Ya kwanza ni hiyo picha ya pamoja. Ya pili onyesha walikuwa wakiuza vipi kabla: kama kina mama wana picha ya mifuko ya nailoni waliyokuwa wakifunga fundo, waombe. Ni picha mbaya, na ndiyo sababu ina nguvu, kwa kuwa yule mama wa sabuni huenda leo yupo hapo hapo. Ya tatu iwe pakiti moja kwa karibu, ya iliki labda, herufi zote zisomeke. Ya nne mgongo wake. Ya tano pakiti zikiwa mahali zinapouzwa, kwenye meza ya sokoni au rafu ya duka, zimechanganyika na bidhaa za watu wengine. Ukurasa huo usiupambe. Unaonyesha kwamba lebo yako ilitoka kwenye kompyuta ikaingia sokoni, na hilo ndilo swali lake la mwanzo.

Maneno yawe machache. Mfano wa maelezo ya ukurasa wa tatu: "Kikundi cha viungo, Muheza. Kila kiungo kina rangi yake, ili muuzaji achague pakiti bila kusoma. Nilichora nembo na lebo, nikasimamia uchapaji." Ona kilichomo: nani, uamuzi mmoja na sababu yake, na sehemu yako wewe. Ikiwa rangi hukuzichagua kwa sababu hiyo, andika sababu ya kweli. Ikiwa mchoro wa iliki au wa mdalasini uliupakua mahali, sema hukuuchora, na uhakikishe leseni yake inaruhusu biashara. Usiandike kwamba mauzo yaliongezeka kama hujui. Mpigie mwenyekiti wa kikundi umuulize kilichobadilika. Akikuambia kwamba sasa duka fulani linapokea pakiti zao ilhali zamani lilikataa, andika hivyo kwa idhini yake, na inatosha.

Baada ya viungo weka sabuni, kurasa mbili. Kazi ya pili ina jukumu la kumthibitishia kwamba ya kwanza haikuwa bahati, kwa hiyo inatakiwa iwe kifungashio pia, lakini cha umbo tofauti. Umetoka kwenye pakiti laini, unaingia kwenye boksi gumu lenye mikunjo. Onyesha boksi likiwa limefungwa, kisha ramani yake, yaani boksi likiwa limekunjuliwa, na mistari ya kukunja na ya kukata ionekane. Boksi lako la darasani likiwa limechakaa, lichape upya. Shilingi elfu chache za karatasi ngumu zitakurudia.

Menyu ije ya tatu na ipewe ukurasa mmoja. Kati kati ndipo mahali pa kazi inayosaidia bila kuongoza. Ukiiweka ya pili atajiuliza wewe ni mtu wa vifungashio au wa migahawa, na ukiiweka ya mwisho atabaki na taswira ya vyakula.

Ya mwisho iwe asali, kurasa tatu, kwa sharti kwamba imetoka vizuri kuliko sabuni. Watu hukumbuka cha mwanzo na cha mwisho, na ukurasa wa mwisho ndio unaopakana na namba yako ya simu. Anayefikiria kukupigia awe ametoka kutazama kitu chenye nguvu. Chini yake andika "kazi ya mazoezi, chapa si halisi". Nimewahi kusikia wateja wakisema hawajali kama ilikuwa ya kweli au ya mazoezi, mradi hawakudanganywa. Malizia na ukurasa wa mawasiliano: jina, namba ya WhatsApp, mji, basi. Jumla ni kurasa 12.

Kuhusu picha, achana na mokapu za kupakua, hasa zile za chupa inayoelea hewani. Lebo ya mokapu haina mshono, haina kikunjo, na mwanga wake haupatikani Tanga. Aliyewahi kuchapa lebo anazijua kwa mtazamo mmoja. Tandika karatasi nyeupe ya manila ukutani iteremke hadi mezani bila kona, karibu na dirisha asubuhi, jua lisipige moja kwa moja. Upande wa pili wa bidhaa simamisha karatasi nyingine nyeupe kurudisha mwanga kwenye kivuli. Shusha simu usawa wa bidhaa, rudi nyuma hatua moja na ukuze mara mbili, badala ya kuisogeza simu karibu. Ukiikaribia mno chupa inavimba katikati na mistari ya boksi inapinda. Picha ya mwanzo ya kila kazi, zote nne, zipige siku moja na mahali pamoja, ili kazi zilizofanyika kwa nyakati tofauti zionekane ni za mkono mmoja.

Linki ya Drive iache. Tengeneza PDF moja ya kurasa za wima, pikseli 1080 kwa 1350, picha moja kwa ukurasa, na maandishi ambayo unayasoma kwenye simu bila kukuza. Ipunguze isizidi kama MB 5. Itume WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama picha inabanwa na herufi ndogo za mgongo wa pakiti zinakuwa ukungu, na zile ndizo ulizozihangaikia. Jina la faili nalo lisomeke, maana litabaki kwenye simu yake miezi kadhaa: `Lebo-na-vifungashio-Tanga.pdf` pamoja na jina lako, wala si `final2_mpya.pdf`.

Kabla hujaituma kwa mteja, mpe simu jirani ambaye hajui kazi yako. Mwache apitishe kidole mpaka mwisho bila wewe kueleza chochote, kisha chukua simu umuulize: huyu mtu anafanya kazi gani? Akisema "matangazo" au "anachora", uchaguzi wako bado una kitu kisichohusika, mara nyingi ni menyu. Itoe ujaribu kwa mtu mwingine. Akisema "anatengeneza makaratasi ya bidhaa", hapo imekaa sawa, hata kama neno lake si lako. Muulize pia anakumbuka bidhaa zipi. Akitaja viungo na asali tu, mpangilio umefanya kazi yake.

Jambo moja usilicheleweshe: idhini ya kina mama wa Muheza. Watumie ujumbe leo, kwa mfano: "Shikamoo mama mwenyekiti. Naomba ruhusa ya kuwaonyesha wafanyabiashara wengine lebo nilizowatengenezea, pamoja na picha ya pakiti zenu za zamani. Jina la kikundi nitaliandika au kuliacha, kama mtakavyopenda." Wengi hukubali, na wakiombwa hivi huwa wepesi kukutaja kwa wenzao. Wakikataa ile picha ya zamani, heshimu. Kurasa zinakuwa 11.

Ukishatuma, sikiliza aina ya majibu. Dalili kwamba faili inafanya kazi ni maswali ya bidhaa yake: "unafanya na mifuko ya kilo?", "hii ya asali wino hautoki?", "kwa pakiti 200 inakuwaje?" Swali la namna hiyo likija, usirushe bei papo hapo wala usitume kazi nyingine. Muulize anafungia kwenye nini sasa, anatengeneza vifungashio vingapi kwa mwezi, na anachapisha wapi. Umwombe akuletee kimoja mkononi. Ofisi za SIDO mkoani kwako zina wajasiriamali wengi wa aina hii, na ukienda huko chukua pakiti halisi ya Muheza na ile chupa ya asali uliyoibandika, pamoja na simu.